Zamu Siyo Uzungu: Acheni Kuwamaliza Wale Wale Kumi na Wawili



Leo maneno yetu yana pilipili kidogo, mtuwie radhi mapema. Kila bi harusi anayekuja kwetu kupimwa nguo tunamuuliza, baada ya kifua na kiuno, ni nani atakayeshughulika siku zake mbili. Jibu ni lile lile: "Watu wapo." Mama yake akiwa amekaa pale kwenye benchi naye anaitikia, "Eeh, watu wapo, alhamdulillah."

Sisi ni mafundi. Tunashona sare, na sare zinatueleza mambo ambayo mwenye shughuli haambiwi. Unashona sare ishirini za upande wa bi harusi, ukija kuonyeshwa picha unahesabu kumi na sita. Nne ziko wapi? Moja imerudi kwetu ipunguzwe iwe ya mtoto, kwa sababu mwenyewe hakuivaa hata saa moja. Nyingine imekuja kutolewa doa la bizari, na ukiinusa ina moshi mpaka ndani ya bitana. Mwenye sare hiyo alikuwa uani anasugua sufuria wakati bi harusi anatolewa. Alichanga pesa ya kitambaa, alilipa ushoni, alikesha anamenya vitunguu thomu, na uso wa bi harusi aliuona kwenye simu ya mtu siku ya pili.

Na ukiuliza ni nani huyo, si mtu wa ajabu. Ni wifi mdogo kuliko wote, au binti wa shamba anayekaa kwa shangazi yake, au jirani mjane ambaye hajui kusema hapana. Mtaa mzima unao watu kumi hadi kumi na wawili wa namna hii, na "watu wapo" maana yake ni hao. Basi tunasema wazi: shughuli ya siku mbili inayoendeshwa bila zamu zilizoandikwa inawadhulumu hao kumi na wawili, na kuliita jambo hilo udugu hakulifanyi liwe udugu.

Tunajua tutakavyojibiwa, kwa sababu tumeshajibiwa. "Mnatuletea mambo ya ofisini." "Kujitolea ni moyo, moyo hauandikiwi saa." "Bibi zetu walioa na kuozesha bila karatasi." Tutayajibu, lakini kwanza tuelezee shughuli moja ilivyokwenda, maana maneno matupu hayamshawishi mama wa bi harusi.

Ilikuwa harusi ya nyumbani upande wa Mwanakwerekwe, Jumamosi na Jumapili. Jumamosi ni matayarisho na usiku hina. Jumapili chakula cha mchana cha wanawake 300, nikaha baada ya alasiri msikitini, na bi harusi kutolewa baada ya isha chini ya turubai hapo hapo uani. Upande wa wanaume walikuwa na mambo yao na hatukuyagusa. Mama mwenye shughuli alitukabidhi sisi kazi moja tu: tupange wanaojitolea. Masharti yetu yalikuwa mawili. Mama mwenyewe, somo na bi harusi wasiulizwe jambo lolote la zamu siku hizo mbili, na simu ya bi harusi ikae kwa mdogo wake.

Hatukuanza na majina ya watu. Tulianza na kazi, na tulianza kutoka mwisho kurudi mwanzo. Tulijiuliza: usiku wa Jumapili saa tano, uwanja unatakiwa uweje? Viti vimehesabiwa na kupangwa, sufuria za kuazima zimerudi kwa wenyewe, moto umezimwa kwa maji, takataka ziko kwenye viroba. Nani anafanya hayo, na wangapi? Tukaona watu 10 kwa saa moja na nusu. Hao 10 tuliwaandika kabla ya mtu mwingine yeyote, na hapo ndipo tunapopishana na wengi. Watu huanza kuandika wapishi, kisha wapokeaji wa wageni, na mwisho wa karatasi wanaandika "usafi: wote". Dada yangu, "wote" haoshi sufuria. Saa nne usiku "wote" amepanda daladala ya mwisho au ameshachukuliwa na mume wake, na wanaobaki ni wale ambao hawana wa kuwachukua.

Kanuni yetu ya zamu ya mwisho ni kwamba haipewi mtu aliyefanya kazi mchana ule. Apewe mtu aliyekuja amepumzika, awe anakaa karibu au awe na usafiri unaojulikana, na awe ameshamwona bi harusi akiwa amekaa kitako na sare yake. Kwa hiyo tuliwatafuta wale wanaokuja shughulini jioni tu: mwalimu wa skuli aliyekuwa na kazi zake asubuhi, wauza duka wawili, mabinti wanne wa chuo. Watu hawa huwa hawaombwi kwa sababu hawaonekani jikoni. Tulipowaomba kwa saa na kwa kazi, wote wakakubali. Mmoja alituambia kwamba kila harusi anaona haya kuja usiku mikono mitupu, ila hakuna aliyewahi kumwambia afanye nini.

Baada ya mwisho tukarudi kwenye kilele, yaani ile saa ambayo wageni wote wanataka kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwetu kilikuwa chakula cha Jumapili. Hapa twende polepole, kwa sababu hapa ndipo shughuli nyingi zinapoaibika.

Wageni 300, kila sinia watu wanne, ni masinia 75. Masinia yaliyopatikana, ya kukodi na ya kuazima, yalikuwa 50. Maana yake mkupuo wa kwanza ni masinia 50, watu 200, na mkupuo wa pili watu 100 wanangojea masinia 25 yaliyokwisha kuliwa, yakaoshwa, yakapanguswa. Tulitaka mkupuo wa kwanza uwe umekaa mbele ya wageni ndani ya dakika 20, biriani lisipoe. Tulijaribu siku moja kabla kwa sinia tupu: kulibeba kutoka jikoni mpaka mkeka wa mwisho, kuliweka na kurudi, ni dakika tatu. Basi mbebaji mmoja anapeleka masinia sita au saba kwa dakika 20, na masinia 50 yanataka wabebaji 8. Mpakuaji, akiweka wali, mchuzi juu, nyama na kachumbari pembeni, anachukua dakika mbili kwa sinia. Yaani masinia 10 kwa dakika 20, na wapakuaji 5 wanatosha. Ukiongeza watatu wa maji ya kunawa na wawili wa akiba wasio na kituo, unapata 18.

Watu husikia 18 wakashtuka. Lakini ni 18 kwa saa moja na nusu tu, siyo kwa siku nzima. Mtu anayeambiwa "njoo usaidie harusini" anasikia siku mbili za moshi, naye atasema inshaallah ile tunayoijua sote, inayosemwa kwa heshima ili mtu asiseme hapana. Mtu anayeambiwa "Jumapili, saa saba kasorobo mpaka saa nane na robo, kubeba masinia, kisha unakaa unakula na sare yako" anasikia jambo lenye mwisho. Inshaallah yake inakuwa ahadi.

Wawili wa akiba ndio tuliobishiwa zaidi. "Watu wakae bure wengine wanakimbia?" Ndiyo, wakae. Kuna kujikata kidole, kuna mtoto kulia, kuna bibi mmoja kuzidiwa na joto akahitaji kupelekwa ndani. Siku ile wa akiba mmoja aliingia mahali pa mbebaji ambaye mwanawe alitapika, na wa pili akaenda kuosha. Kama wasingekuwepo, mama wa bi harusi ndiye angeinuka, na sisi tumeshaona harusi ambayo mama wa bi harusi anapokea wageni akiwa na upawa mkononi.

Tena tujifunze kutazama, siyo kupiga kelele. Wakati wa kilele simama pahala unapowaona wapakuaji na wabebaji kwa pamoja. Ukiona wabebaji wamesimama mikono kifuani na sufuria bado zimejaa, tatizo haliko kwao. Ama wapakuaji hawatoshi, au masinia yamekwisha. Ukiona masinia yaliyopakuliwa yamejipanga chini yanapoa, wabebaji ni wachache. Ukiona mtu anapita katikati ya uwanja anauliza "nani yupo kwenye maji?" basi kituo kile hakina mtu, hata kama watatu wanadai ni chao. Dawa ni kumhamisha mmoja wa akiba. Kuita "jamani tusaidianeni!" siyo dawa, kwa sababu wanaoitika ni wale wale ambao tayari wana kazi, na unaondoa mtu hapa kuziba pale.

Kwa sababu ya yale masinia 25, waoshaji hawakungojea chakula kiishe. Watu 6 waliingia zamu nusu saa baada ya sinia la kwanza kutoka, na beseni tatu zilikuwa tayari: la kwanguria, la sabuni, la kusuuzia. Kituo hiki ndicho kinachosahauliwa katika harusi nyingi za mtaani, halafu watu wanasema "chakula kilichelewa" wakamlaumu mpishi. Mpishi anakuwa amemaliza zamani. Kilichochelewa ni sinia safi.

Na sufuria zile kubwa nazo, dada zetu, zikishatoka wali wa mwisho zitiwe maji pale pale, saa nane mchana. Ukoko wa biriani ulioachwa mpaka usiku unakuwa kama saruji, na huo ndio unaomkosesha yule wifi mdogo kumwona bi harusi. Ukitia maji mapema, kazi ya saa nzima inakuwa ya dakika 15. Kwa hiyo tunaposema zamu ya kubomoa tusidhani inaanza usiku. Inaanza pale sinia la kwanza linaporudi.

Matayarisho ya Jumamosi yalikuwa mepesi kupanga kwa sababu yanahesabika. Asubuhi watu 6 walipokea viti na mikeka, wakafagia, na kazi kubwa zaidi ya zote, wakaandika kila chombo kilichoazimwa. Tulitia alama kwa rangi ya kucha chini ya kila sufuria na kila sinia, kila nyumba na rangi yake, na kwenye daftari tukaandika rangi na jina. Mchana, baada ya adhuhuri, watu 8 walikaa kumenya. Vitunguu maji vilikuwa kilo 40, na mwanamke mwenye kisu kikali humenya na kukata kilo nne mpaka tano kwa saa, basi watano kwa saa mbili wanamaliza. Watatu walikaa na thomu na tangawizi, kazi inayoonekana ndogo na inakula muda kuliko vitunguu. Tahadhari moja tu: kila mtu aje na kisu chake. Visu vya kuazima ni butu, na kisu butu kinageuza zamu ya saa mbili kuwa ya saa tatu.

Usiku wa hina tuliweka 5 wa chai na maandazi, hapakuwa na zito. Alfajiri ya Jumapili 6 walikuwa na mpishi kukaanga vitunguu na kuosha mchele, na hao tuliwachagua wa nyumba za jirani tu, kwa sababu mtu wa Bububu hawezi kufika gizani. Jioni 6 wa kupokea wageni, sharubati na halua. Hesabuni sasa: 6 na 8 na 5 siku ya kwanza, 6 na 18 na 6 na 6 na 10 siku ya pili. Jumla ni nafasi 65.

Sitini na tano! Wagawieni wale kumi na wawili mnaowaita "watu", na kila mmoja anapata zamu tano na ushee ndani ya siku mbili. Ndiyo maana wanarudi kwao wamevimba miguu. Sisi tulipata majina 40, tukaweka sharti kwamba hakuna anayezidi zamu mbili, na zile mbili zisifuatane. Wengi walifanya mbili, baadhi moja, na watatu hawakutokea. Watatu katika 40 unawaziba. Watatu katika kumi na wawili unalia.

Kuna jambo la sala, na hili tunalisema kwa sababu wanaopanga zamu hulikosea kila mara. Ni rahisi kusema "tubadilishane adhuhuri" au "zamu inaisha alasiri". Kwa karatasi inapendeza, lakini adhana ikilia anayetoka anaondoka na anayeingia hajaja, kwa sababu wote wawili wamekwenda kutawadha. Sufuria iko motoni peke yake. Mabadilishano yawekwe ama nusu saa kabla ya adhana ama nusu saa baada yake, na waliomo ndani ya zamu wakati wa sala wagawike makundi mawili, hawa wakasali wale wakabaki, kisha wapokezane. Wabebaji wetu wa Jumapili walisali adhuhuri kwanza ndipo wakaja kusimama, na ndiyo sababu zamu yao ilianza saa saba kasorobo. Na wanawake tunajua kwamba kila siku wapo miongoni mwetu wasiokuwa na sala. Wao wenyewe husimama wakashika jiko wakati huo. Lakini mtu asiulizwe, wala asiandikwe kwenye karatasi kwa sababu hiyo. Msimamizi aseme tu, "Nani atatushikia hapa kidogo?" na anayejua hali yake atajibu.

Kupokezana nako kuwe kwa mdomo na kwa mkono. Anayeingia afike dakika 15 kabla, anayetoka amwambie mambo matatu: nini kimekwisha, nini kimebaki, na ufunguo au daftari liko kwa nani. Hasa daftari la vyombo. Lilipita mikono mitatu tu kwa siku mbili, na kila aliyelipokea alihesabu masinia mbele ya aliyempa. Usiku wa mwisho lilikosekana sinia moja, na kwa rangi ya kucha tukajua ni la nyumba gani. Lilikuwa limefunikia ndoo ya sharubati.

Mabaki ya chakula yapewe mtu mmoja kwa jina, na zamu yake iishe kabla ya alasiri. Biriani lililopikwa asubuhi halivumilii joto letu mpaka usiku. Akose mtu wa kugawa na mtajua, kwa sababu pakacha za kwanza zitaondoka na wale ambao hawajashika hata upawa, na wamenyaji thomu watarudi na harufu yake mikononi. (Tunawajua. Nanyi mnawajua.)

Sasa tujibu. Kwamba bibi zetu hawakuwa na karatasi, ni kweli, lakini walikuwa na bibi mmoja mkubwa aliyekaa kwenye kibao uani na kusema: wewe thomu, wewe maji, wewe umeshachoka kalale, mwite fulani. Hizo zilikuwa zamu. Karatasi yake ilikuwa kichwani, na watu wake wote walikaa nyumba ya pili na ya tatu, na matayarisho yalianza wiki nzima kabla. Leo mashoga wa bi harusi wanatoka Fuoni na Bububu, wana kazi, wana watoto wa kuwahi skuli Jumatatu, na shughuli nzima imebanwa ndani ya siku mbili. Tumemwondoa yule bibi kwenye kibao, na hatukuweka kitu mahali pake. Tumebaki na kelele.

Kwamba moyo hauandikiwi saa: moyo wa nani? Asiyeandikiwa saa ni yule mwenye moyo mkubwa kuliko wote, naye ndiye anayeliwa. Mwenye moyo mdogo hujitokeza wakati wa picha, na bila karatasi hakuna anayejua tofauti yao. Tena kuandikiwa saa kunamlinda anayejitolea mbele ya mume wake na mama mkwe wake. Anaweza kusema, "Natoka saa saba, narudi saa tisa." Anayesema "nakwenda kusaidia harusini" na akarudi saa sita usiku, mara ya pili hatapewa ruhusa, na hapo mmempoteza.

Wanaotuambia tukodi wapishi wa kulipwa tumalize, tunawaambia wenye uwezo na wakodi, hakuna aliyewazuia. Ila mpishi wa kulipwa hakurudishii sufuria ya jirani, wala hakupokelei wageni usiku.

Lipo moja tunalokubali kwamba ni gumu, nalo ni wazee. Huwezi kumwandikia bibi wa miaka sabini zamu ya saa mbili, na huwezi kumwambia asije jikoni. Sisi tuliwawekea mkeka wao kwenye kivuli karibu na wamenyaji. Walikuja walipotaka, walimenya walivyoweza, walihadithia, na hatukuwahesabu katika nafasi 65. Kazi yao ikawa ni baraka, wala mtu hakuitegemea kwa saa. Ukiwahesabu utawachosha au utawakosea adabu.

Bi harusi unayesoma hapa na una miezi miwili mbele yako, kabla hujaja kwetu kuchagua rangi ya sare, kaa na daftari na uandike yale majina 10 ya usiku wa mwisho. Usiwatumie ujumbe wa jumla kwenye kundi la watsapu, maana ujumbe uliotumwa kwa watu themanini haukutumwa kwa mtu. Mpigie kila mmoja, mwambie siku, saa, kazi na saa ya kumaliza, na umuulize atarudije nyumbani. Ukishapata hao 10, panda juu kwenye kilele, kisha matayarisho. Mtafute na msimamizi mmoja, awe shangazi au shoga mwenye sauti tulivu, asiwe na kazi nyingine yoyote siku hizo mbili, hata ya kupamba.

Na kwa waliotuuliza karatasi yenyewe tuliibandika wapi: tulibandika mbili. Moja jikoni, ikaloa mchuzi kabla ya saa sita. Ya pili kwenye mlango wa choo kwa ndani, na hiyo kila mtu aliisoma.